Kioo cha mkondo cha transista mbili na kosa lake

Kioo cha mkondo ni saketi ndogo inayopokea mkondo wa umeme upande mmoja na kutoa mkondo ulio sawa nao upande wa pili. Umbo lake rahisi kuliko yote lina transista mbili tu za aina moja. Emita zao zimeunganishwa, beisi zao zimeunganishwa, na transista ya kwanza imefungwa kolekta kwenye beisi yake yenyewe. Ndani ya chipu za amplifaya saketi hii imejaa tele, kwa sababu mkondo mmoja uliopangwa kwa rezista moja unaweza kunakiliwa na kupelekwa kwenye hatua nyingine za saketi bila kutumia rezista nyingi, ambazo hula nafasi kubwa kwenye chipu.

Nakala hiyo haiwi sawasawa na asili yake. Hata transista mbili zikilingana kwa kila hali, mkondo unaotoka hutofautiana na unaoingia kwa sababu mbili zilizomo ndani ya transista yenyewe. Ya kwanza ni kwamba beisi nazo hutumia mkondo. Ya pili ni kwamba mkondo wa kolekta hubadilika kidogo volti za kolekta zinapobadilika. Makosa haya mawili hukadiriwa kwa kalamu na karatasi, na hesabu yake haizidi kugawanya na kuzidisha.

Katika michoro transista ya kwanza huandikwa Q1 na ya pili Q2. Mkondo wa kolekta ya transista hutawaliwa na volti zilizopo kati ya beisi na emita, ambazo huandikwa VBE. Utawala huo ni mkali sana: katika joto la kawaida la chumba, VBE ikiongezeka kwa milivolti 18 tu, mkondo huongezeka maradufu, ikiongezeka kwa milivolti 60, mkondo huwa mara 10. Kwa ukali huo, hakuna fundi anayeweza kupanga mkondo kwa kuweka VBE kwa mkono. Kioo cha mkondo hugeuza kazi hiyo kinyumenyume. Rezista inayotoka kwenye chanzo cha umeme husukuma mkondo ndani ya Q1, na kwa kuwa kolekta ya Q1 imefungwa kwenye beisi, Q1 hulazimika kujitafutia VBE inayoweza kubeba mkondo huo. VBE hiyohiyo ndiyo anayopewa Q2, kwa kuwa beisi na emita zao zimeunganishwa. Transista mbili zenye VBE moja zingepaswa kubeba mkondo mmoja.

Kosa la kwanza linaonekana mahali ambapo rezista, kolekta ya Q1 na beisi mbili hukutana. Mkondo unaofika hapo hauingii wote kwenye kolekta ya Q1. Beisi ya Q1 huchukua sehemu yake, na beisi ya Q2 huchukua sehemu iliyo sawa na hiyo, kama ushuru unaotozwa kabla mzigo haujafika sokoni. Ukubwa wa ushuru huo hutegemea beta, yaani idadi ya mara ambazo mkondo wa kolekta huuzidi mkondo wa beisi. Beta ikiwa 100, mkondo unaofika unaweza kugawanywa katika sehemu 102: sehemu 100 huingia kolekta ya Q1, moja beisi ya Q1, na moja beisi ya Q2. Q2 hunakili kile kilichopita kwenye kolekta ya Q1, yaani sehemu 100. Kwa hiyo mkondo unaotoka ni 100/102 ya ule ulioingia, pungufu kwa karibu asilimia 2.

Kwa beta yoyote ile, kanuni huandikwa hivi:

```
Iout = Iref / (1 + 2/β)
```

Hapa Iref ni mkondo unaoletwa na rezista na Iout ni ule unaotoka kwenye kolekta ya Q2. Kwa makadirio ya haraka inatosha kugawanya 2 kwa beta. Beta ya 200 inaleta upungufu wa asilimia 1, na beta ya 40 inaleta upungufu unaokaribia asilimia 5. Katika chipu za zamani transista za PNP zilitengenezwa kwa namna ya kulala kwenye uso wa silikoni, na beta zao zilikuwa ndogo sana. Beta ikiwa 10, kanuni inatoa 10/12, na theluthi ya nusu ya mkondo imepotea kabla kazi haijaanza.

Mambo mawili kuhusu kosa hili yanafaa kushikwa. Daima ni upungufu. Beisi haziwezi kurudisha mkondo. Tena hukua kadiri matokeo yanavyoongezwa. Chipu nyingi hutumia Q1 mmoja kuendesha transista kadhaa kwa pamoja, na kila beisi iliyoongezwa hudai sehemu yake. Zikiwa transista nne za kutoa pamoja na Q1, beisi ni tano, na namba 2 kwenye kanuni inageuka 5. Kwa beta ya 100 kila tokeo hupungukiwa na karibu asilimia 5 badala ya 2.

Kosa la pili lina asili nyingine kabisa. Ndani ya transista, beisi ni tabaka jembamba lililokaa kati ya emita na kolekta. Kwenye mpaka wa beisi na kolekta kuna eneo lisilo na chembe huru za umeme, na eneo hilo hupanuka volti za kolekta zinapopanda. Upanuzi huo huila beisi kwa upande mmoja, beisi inazidi kuwa nyembamba, na chembe zinazotoka emita huivuka kwa urahisi zaidi. Matokeo yake ni kwamba mkondo wa kolekta hupanda ingawa VBE haijaguswa. James Early wa maabara ya Bell nchini Marekani ndiye aliyeeleza jambo hili mwaka 1952, na jina lake limebaki nalo.

Ukichorwa mkondo wa kolekta dhidi ya volti za kolekta kwa VBE isiyobadilika, mstari haulali, unapanda taratibu. Mistari ya VBE mbalimbali ikirefushwa kwa rula kurudi nyuma, yote hukutana karibu na sehemu moja upande wa volti hasi. Umbali wa sehemu hiyo kutoka sifuri huitwa volti za Early, na huandikwa VA. Kwa transista ndogo za kawaida huwa makumi kadhaa ya volti, na kwa baadhi huvuka 100. VA ikiwa kubwa, mstari umelala zaidi na kioo ni bora zaidi.

Jambo hilohilo huelezwa pia kwa njia ya ukinzani. Q2 huonekana kana kwamba ni chanzo kamili cha mkondo kilichowekewa rezista kubwa pembeni yake, na rezista hiyo hupitisha mkondo wa ziada kadiri volti zinavyoongezeka. Huo ndio ukinzani wa kutoa, ro, na hupatikana kwa kugawanya VA, ikijumlishwa na volti za kolekta, kwa mkondo. Rezista hiyo haipo kama kitu ndani ya transista. Ni njia ya kusema mstari umeinama kiasi gani, ndiyo maana mkondo ukiongezwa maradufu ro hupungua kwa nusu, lakini kosa kwa asilimia hubaki palepale. Kwa sababu hiyo ni afadhali kuhesabu kwa VA kuliko kwa ro: VA hubaki karibu ileile katika mikondo mingi, ilhali ro hubadilika kila mkondo unapobadilika.

Katika kioo, volti za kolekta ya Q1 zimefungwa: ni sawa na VBE, karibu volti 0.7. Za Q2 huamuliwa na mzigo uliofungwa juu yake, na zinaweza kuwa volti yoyote. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayoleta kosa. Makosa yote mawili yakiwekwa pamoja, kanuni inakuwa:

```
Iout = Iref × [1 + (VCE2 − VCE1)/(VA + VCE1)] / (1 + 2/β)
```

Kuzidisha moja kwa moja namna hii kunahitaji sababu, kwani huenda mtu akadhani mkondo wa Q2 ukipanda kwa athari ya Early, beisi ya Q2 nayo itadai zaidi na kuharibu hesabu ya kwanza. Haidai. Mkondo wa beisi huamuliwa na VBE, na VBE haijabadilika. Kinachobadilika ni wingi wa chembe zinazofanikiwa kufika kolekta. Kwa hiyo kosa la beisi hubaki vilevile volti za Q2 zikiwa 1 au 10, na makosa mawili huhesabiwa kila moja peke yake, kisha kuzidishwa.

Chipu inayofaa kufanyia hesabu ni CA3046, iliyotoka kwa kampuni ya RCA, yenye transista tano za NPN kwenye kipande kimoja cha silikoni. Mbili kati yake zimekwisha kuunganishwa emita, kwenye mguu namba 3, kana kwamba ziliandaliwa kwa kazi hii. Waraka wa mtengenezaji unatoa kila kinachohitajika kwa mkondo wa miliampea 1: beta ya kawaida ni 100 na isiyopungua ni 40, VBE ni volti 0.715, na kipimo cha upitishaji wa upande wa kutoa, kinachoandikwa hoe, ni maikrosimensi 15.6 kolekta ikiwa na volti 3. Nyaraka nyingi hazitaji VA kabisa. Huitoa kwa kificho kupitia hoe, kwa sababu 1 ikigawanywa kwa hoe hupatikana ro. Hapa ro ni kilo-omu 64, na kwa mkondo wa miliampea 1 hiyo ni sawa na volti 64. Zikiondolewa volti 3 za kolekta, VA inabaki kama volti 61.

Chanzo cha umeme kiwe volti 12 na rezista iwe kilo-omu 11.3. Volti zinazobaki juu ya rezista ni 12 kutoa 0.715, na mkondo ni miliampea 0.999, ambao unaweza kuitwa 1. Hapa ndipo wanaoanza hupoteza muda wakijiuliza VBE sahihi ni 0.65 au 0.715. Tofauti hiyo ya milivolti 65 ikilinganishwa na volti 11.3 zilizo juu ya rezista ni zaidi kidogo ya nusu ya asilimia. Ingekuwa chanzo cha volti 3, jambo lingekuwa jingine.

Kwa beta ya 100, kolekta ya Q1 na ya Q2 zikiwa na volti sawa, mkondo unaotoka ni miliampea 0.980. Juu ya hapo, kila volti moja inayoongezeka kwenye kolekta ya Q2 huongeza sehemu moja ya 62, yaani asilimia 1.6. Kolekta ikifika volti 5, ongezeko ni volti 4.3 gawanya kwa 62, karibu asilimia 7, na mkondo unakuwa miliampea 1.048. Kolekta ikifika volti 10, ongezeko ni asilimia 15 na mkondo ni miliampea 1.127. Kioo kilichoanza na upungufu wa asilimia 2 sasa kina ziada ya karibu asilimia 13.

Kati ya upungufu na ziada lazima kuwe na mahali ambapo kosa ni sifuri. Beisi zinapunguza, athari ya Early inaongeza, na zinafutana pale ongezeko linapofika asilimia 2. Asilimia 2 ya volti 62 ni volti 1.24, kwa hiyo kosa hutoweka kolekta ya Q2 ikiwa karibu volti 2. Anayepima kioo chake mara moja tu, volti zikiwa hapo kwa bahati, ataona mikondo miwili inalingana hadi tarakimu ya tatu na kuamini kwamba beta ya transista zake ni kubwa ajabu. Kioo ni kilekile. Mzigo ukibadilika, ulinganifu utaondoka. Mahali pa sifuri ni zaidi ya VBE kwa kiasi cha mara mbili ya VA gawanya kwa beta, na kwa kuwa beta hutofautiana sana kutoka chipu hadi chipu, mahali hapo nako huhama. Chipu yenye beta ya 40, ambayo waraka bado unairuhusu, ingefikia sifuri kwenye volti 3.8 badala ya 2. Hapafai kutegemewa kama njia ya kusahihisha.

Kupima makosa haya kwenye meza ya kazi kunahitaji uangalifu kidogo, kwa sababu kinachotafutwa ni asilimia 2 na rezista za kawaida za maabara zenyewe zina kosa la asilimia 1 au zaidi. Njia iliyo salama ni kuweka rezista ya omu 100 kwenye mkondo unaoingia na nyingine kama hiyo kwenye mkondo unaotoka, kisha kusoma milivolti zilizo juu ya kila moja kwa mita ileile. Miliampea 1 hutoa milivolti 100. Kosa la mita hufutika kwenye uwiano kwa kuwa mita ni moja, na tofauti ya rezista hugunduliwa kwa kuzibadilishana nafasi. Kolekta ya Q2 hupewa chanzo chake chenye kurekebishwa, na volti zake husomwa moja kwa moja kwenye miguu ya transista, si kwenye chanzo. Mguu wa 13, uliounganishwa na silikoni yote, lazima ufungwe kwenye sehemu yenye volti za chini kabisa. Ukiachwa wazi, chipu hutoa majibu yasiyoeleweka.

Kosa la beisi hupimwa kolekta ya Q2 ikiwa na volti zilezile za Q1, ili athari ya Early isiingie. Hata hapo kuna mgeni mwingine. Transista mbili za CA3046 hazilingani kabisa: tofauti ya VBE zao kwa kawaida ni milivolti 0.45, na kwa ukali ule wa transista kiasi hicho kidogo huleta tofauti ya mkondo ya asilimia 1.7. Ukubwa wake unakaribiana na kosa linalotafutwa, na soma moja haliwezi kuyatenganisha.

Dawa ni kubadilishana kazi. Kifungo cha kolekta na beisi huhamishwa kutoka miguu ya 1 na 2 kwenda ya 4 na 5, Q2 akawa mpokeaji na Q1 mtoaji. Kutolingana kwa VBE hugeuka upande, kwani transista iliyokuwa na nguvu zaidi sasa ipo upande wa pili, lakini ushuru wa beisi haujali nani yuko wapi. Tuseme uwiano wa kwanza ni 0.996 na wa pili ni 0.966. Wastani wake ni 0.981, na hilo ndilo kosa la beisi peke yake. Kanuni ikigeuzwa inatoa beta ya 103. Kinachobaki, asilimia 1.5 kila upande wa wastani, ni kutolingana kwa milivolti 0.4. Aliyesoma kipimo cha kwanza tu angehesabu beta ya karibu 500.

VA hupatikana kwa urahisi zaidi, kwa sababu transista ni moja na linalotafutwa ni badiliko. Ikiwa rezista ya upande wa kutoa ilisoma milivolti 99.6 kolekta ikiwa na volti 0.7, kisha 107.6 ikiwa na volti 5.7, badiliko ni 8 kati ya 99.6, karibu asilimia 8 kwa volti 5. Volti 5 gawanya kwa 0.0803 ni volti 62, ambayo ni VA pamoja na zile 0.7. Volti 5 hizohizo zikigawanywa kwa miliampea 0.080 zilizoongezeka, ro ni kilo-omu 62.5. Ni vizuri kusoma na nukta ya tatu katikati: isipokaa kwenye mstari mmoja na hizo mbili, kuna jambo jingine linaloendelea.

Jambo hilo jingine mara nyingi ni joto, hasa kwa anayejenga kioo kwa transista mbili zilizo mbalimbali, kila moja kwenye kifuko chake cha plastiki. Transista ya 2N3904 hupanda joto kwa nyuzi 200 kwa kila wati inayotumia. Ikiwa na volti 10 na miliampea 1.1 hutumia miliwati 11, na hujipasha kwa nyuzi 2.2. Q1, yenye volti 0.7, haijipashi kwa kiasi cha kutajwa. VBE ikiwa haibadiliki, mkondo wa kolekta hupanda kwa asilimia 7 hadi 8 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo tofauti ya nyuzi 2 huleta ziada ya kama asilimia 15. Ziada hiyo inakwenda upande uleule wa athari ya Early na inalingana nayo kwa ukubwa. Anayeihesabu yote kuwa ya Early atapata VA ya nusu ya ile ya kweli.

Saa ndiyo inayotenganisha hizo mbili. Athari ya Early hutokea papo hapo volti zinapobadilishwa. Joto huchukua sekunde kadhaa. Mita ikiruka kidogo kisha ikaendelea kupanda polepole, mruko wa kwanza ni wa Early na mpando wa baadaye ni wa joto. Kidole kikishika Q1 na tokeo likashuka, shaka imekwisha. Kwenye transista zisizochaguliwa, zaidi ya hayo, VBE zinaweza kutofautiana kwa milivolti nyingi, na milivolti 10 ni karibu nusu ya mkondo wote. Kukadiria beta na VA kwa kioo cha namna hiyo ni kupima unene wa rangi kwenye ukuta uliopinda. Transista mbili zilizo kwenye silikoni moja, kama za CA3046, hupashana joto, na ndiyo sababu hesabu iliyotolewa hapa inazifaa.

Kanuni ina mipaka upande wa chini pia. Kolekta ya Q2 ikishuka chini ya volti 0.2 au 0.3, transista hujaa, mkondo wa kolekta huporomoka, na mstari ulionyooka wa Early haupo tena. Beta nayo si namba moja ya kudumu. Kwa CA3046 waraka unaonyesha kwamba ile 100 ya miliampea 1 hushuka hadi 54 mkondo ukiwa maikroampea 10, hivyo kioo kilekile kikiendeshwa kwa mkondo huo mdogo hupungukiwa na asilimia 3.6 badala ya 2. Anayefanya makadirio achukue beta ya mkondo atakaoutumia, na kama mradi hauvumilii mshangao, achukue ile isiyopungua badala ya ile ya kawaida.

Makadirio yakionyesha kosa lisilovumilika, dawa hutegemea ni kosa gani kati ya hayo mawili linalosumbua. Rezista za omu 200 zikiwekwa chini ya emita zote mbili, kila moja ikibeba volti 0.2, ukinzani wa kutoa huongezeka mara saba na ushee. Mkondo ukitaka kupanda, volti za emita hupanda nao na kuubana. Rezista hizo hupunguza pia madhara ya VBE zisizolingana. Ushuru wa beisi haziugusi hata kidogo, kwani beisi bado ni mbili na beta ni ileile. Kinyume chake, transista ya tatu ikiwekwa kulisha beisi badala ya waya wa kolekta ya Q1, ushuru hupunguzwa kwa kiasi cha beta nzima, kutoka asilimia 2 hadi kama asilimia 0.02, lakini mteremko wa Early unabaki kama ulivyokuwa.

Saketi inayoshughulikia yote mawili kwa transista tatu ilibuniwa mwaka 1967 na George Wilson, mhandisi wa kampuni ya Tektronix ya Marekani, baada ya yeye na mwenzake Barrie Gilbert kushindana usiku mmoja nani atapata kioo bora cha transista tatu. Kwa beta ya 100 kosa la beisi kwenye kioo cha Wilson ni karibu asilimia 0.02, na ukinzani wa kutoa huwa kama mara 50 ya ro ya transista moja, zaidi ya mega-omu 3 kwa mfano uliohesabiwa hapa. Gharama yake ni volti: tokeo haliwezi kushuka chini ya kama volti 0.9 badala ya 0.2 au 0.3. Na milivolti 0.45 za kutolingana kwa transista hubaki zilivyo, zikileta asilimia 1.7 yao.